Sura ya Nne: Hamsini, Thelathini, Ishirini Haifiki Mtaa wa Kongo

Ikifika saa kumi na mbili jioni, wachuuzi wa Mtaa wa Kongo pale Kariakoo huanza kukunja maturubai. Soksi, mitandio, makava ya simu na vyombo vya plastiki vinarudi kwenye viroba, viroba vinapelekwa stoo, na mwenye mzigo anabaki na noti zilizokunjamana mfukoni mwa aproni. Fedha hizo zimechanganyika. Mna hela ya kununulia mzigo wa kesho, mna faida ya leo, mna chenji ya mteja aliyesema atarudi, na pengine mna hela ya jirani aliyeomba ashikiwe. Kabla hajafika nyumbani atakuwa ameshatoa nauli, amenunua nyanya na mkaa, na amempa kijumbe wa mchezo hela ya leo. Bajeti ya mtu huyu hupangwa hapo, kila siku, kwa dakika chache, akiwa amesimama.

Mtu huyo huyo akienda kwenye semina ya ujasiriamali au akifungua redio, ataambiwa agawe kipato chake mafungu matatu: asilimia 50 kwa mahitaji ya lazima, asilimia 30 kwa anavyovitamani, na asilimia 20 kwa akiba na kulipa madeni. Mara nyingi ushauri huo huja na lawama, kwamba anayeshindwa kuufuata hana nidhamu ya fedha. Lawama hiyo haina msingi. Kanuni ya 50, 30, 20 inapowekwa juu ya kipato kidogo kinachoingia kwa siku inashindwa kihesabu, na kushindwa kwake kunaonekana kwa kalamu na daftari la mia tano.

Kanuni hii ilipata umaarufu mwaka 2005 kupitia kitabu cha Elizabeth Warren, wakati huo profesa wa sheria katika Chuo Kikuu cha Harvard na baadaye seneta wa jimbo la Massachusetts, alichokiandika pamoja na binti yake, Amelia Warren Tyagi. Warren alikuwa ametumia miaka mingi kuchunguza familia za Kimarekani zilizofilisika. Aliona kwamba nyingi hazikuponzwa na anasa, ila na nyumba, magari na bima zilizokuwa zikimeza mshahara kila mwezi. Ndiyo maana akaweka dari: gharama za lazima zisivuke nusu ya kipato baada ya kodi. Kwa familia ya aina hiyo ushauri ulikuwa wa maana, kwa sababu ukizidisha nusu unaweza kuhamia nyumba ndogo au kuuza gari moja.

Mpangaji wa chumba kimoja Buguruni au Keko hana chumba kidogo zaidi cha kuhamia, wala gari la kuuza. Dari ile ilijengwa kwa mtu ambaye lazima zake zinaweza kupunguzwa.

Jambo hili lilijulikana kabla Warren hajazaliwa. Mwaka 1857 mtakwimu wa Kijerumani, Ernst Engel, alipitia matumizi ya familia za wafanyakazi wa Ubelgiji akakuta kwamba kadiri familia ilivyokuwa maskini, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya kipato chake ilivyokwenda kwenye chakula. Wachumi wanaiita kanuni ya Engel, na imethibitika nchi baada ya nchi.

Tanzania nayo imo. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilipofanya utafiti wa matumizi ya kaya wa mwaka 2017/18 iliweka mistari miwili ya umaskini. Mstari wa chakula pekee ulikuwa shilingi 33,748 kwa mtu mzima kwa mwezi, na mstari wa mahitaji yote ya msingi ulikuwa shilingi 49,320. Bei zimepanda tangu wakati huo, lakini kinachopaswa kutazamwa hapa ni uwiano. Kwa mtu aliyesimama juu ya mstari huo wa pili, chakula peke yake kinachukua takriban asilimia 68 ya fedha yake yote. Bado hajalala ndani, hajavaa, hajapanda gari. Kumwambia abaki ndani ya asilimia 50 ni kumwambia ale kasoro.

Juu kidogo ya mstari huo hali haibadiliki sana. Amri ya mishahara ya sekta binafsi iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha shilingi 150,000 kwa mwezi kwa wafanyakazi wa biashara na viwanda. Tuseme muuza duka wa Kariakoo alilipwa hivyo, na tuangalie nusu yake, yaani shilingi 75,000. Nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 ilipanda hadi shilingi 600 Desemba 2023. Kwenda na kurudi kwa siku 26 ni shilingi 31,200, kama anapanda gari moja tu kila upande. Akila mchana kwa mama lishe sahani ya wali maharage ya shilingi 2,000, hiyo ni 52,000 nyingine. Jumla ni 83,200. Nusu imeshapita na hajagusa kodi ya chumba wala chakula cha usiku. Ile asilimia 30 ya vitu vya kutamani, ambayo ni shilingi 45,000, italipa kodi. Asilimia 20 ya akiba italiwa.

Hiyo ndiyo kasoro ya kwanza, na wengi wakiambiwa wanaielewa haraka. Kuna kasoro nyingine mbili ambazo huzungumzwa kidogo, nazo kwa mchuuzi ni mbaya zaidi.

Moja ni wakati. Asilimia hudai kwanza ujue mia yako ni ngapi. Mwenye mshahara anaijua tangu mwezi haujaanza. Kuli anayebeba marobota kutoka kwenye magari, winga anayempeleka mteja dukani kwa kamisheni, mama lishe na machinga hawaijui mpaka mwezi umekwisha, na kufikia hapo fedha imeshatumika. Mvua za masika zikinyesha asubuhi, turubai halitandikwi. Mei 2023, na tena Juni 2024, wenye maduka wa Kariakoo walifunga milango kwa mgomo uliohusu kodi na ukaguzi. Duka likifungwa, kuli hana mzigo, winga hana mteja, na mama lishe anabaki na sufuria lililojaa. Wakati huohuo mwenye nyumba hadai kwa siku. Dar es Salaam kodi ya chumba kwa kawaida hulipwa ya miezi mitatu, miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Fedha inaingia kwa tone, inatoka kwa ndoo.

Mwaka 2009 watafiti wanne, Daryl Collins, Jonathan Morduch, Stuart Rutherford na Orlanda Ruthven, walichapisha matokeo ya kazi iliyowachukua miaka. Waliwatembelea watu wa zaidi ya kaya 250 za Bangladesh, India na Afrika Kusini kila baada ya wiki mbili hivi kwa mwaka mzima, wakiandika kila fedha iliyoingia na kutoka. Walikuta kwamba udogo wa kipato ni sehemu moja tu ya tatizo. Kipato kile pia kinapanda na kushuka, na vyombo vya kukihifadhi na kukisogeza kutoka siku ya kupata hadi siku ya kuhitaji ni vibovu. Walikuta pia kwamba hakuna kaya hata moja iliyokuwa ikiishi bila akiba au deni la aina fulani. Watu hao walikuwa wakipanga fedha kwa bidii kubwa. Walichokuwa wakikipanga ni muda, siyo mafungu. Mtu yeyote aliyekaa Kariakoo wiki moja akiangalia michezo, vibubu na madaftari ya madeni atakubaliana nao.

Kasoro ya tatu ni mtaji, na hapa ndipo kanuni ya 50, 30, 20 inapoweza kumwangusha mtu kabisa. Fedha anayoshika mchuuzi jioni ni mauzo. Kipato chake ni sehemu ndogo ya mauzo hayo. Tumchukue mama wa mfano mwenye watoto wawili, anayeuza soksi. Hesabu zake ni za kuelekeza tu, na msomaji aweke za kwake. Ananunua dazani kwa mwenye duka la jumla shilingi 8,000 na kuuza kila jozi shilingi 1,000, kwa hiyo dazani moja inampa 12,000. Siku aliyouza dazani tatu ana shilingi 36,000 mkononi. Akiifuata kanuni akatoa nusu, 18,000, kwa ajili ya mahitaji ya nyumbani, zinabaki 18,000. Kurudisha dazani tatu kesho kunahitaji 24,000. Hata kama hatagusa chochote cha matamanio wala akiba, mzigo wake umepungua jozi tisa kwa siku moja. Kariakoo wanaita kula mtaji, na hakuna anayeula kwa makusudi. Unaliwa na mtu aliyedhani anakula faida.

Basi, mama huyu afanye nini?

Afunge hesabu jioni kabla hajatoa nauli. Anahesabu jozi zilizouzika, anatenga gharama ya kuzinunua tena, na fedha hiyo inakwenda mfuko mwingine au inalipia mzigo hapohapo kwa mwenye duka la jumla, ambaye bado hajafunga. Kulipia jioni ni bora, kwa sababu soksi haziwezi kununua nyanya njiani. Kisha anatoa gharama za biashara za siku hiyo, tuseme shilingi 1,000 ya kutunziwa kiroba stoo. Kinachobaki ndicho kipato, nacho anakiandika kwenye daftari: tarehe na namba moja.

Aandike hivyo kwa wiki nne, siku sita kwa wiki. Tuseme katika siku hizo 24, siku mbili mvua ilimzuia asiuze kitu, siku tatu aliuza dazani moja, siku tano dazani mbili, siku saba dazani tatu, siku nne dazani nne, siku mbili dazani tano, na siku moja ya mwisho wa mwezi, watu wakiwa na mishahara, aliuza dazani sita. Kila dazani ina faida ya 4,000, na kila siku stoo inakula 1,000 hata asipouza. Jumla ya kipato cha wiki nne ni shilingi 240,000, yaani wastani wa 10,000 kwa siku.

Wengi wangesimama hapo na kupanga maisha kwa 10,000. Ni kosa. Siku 10 kati ya 24 zilikuwa chini ya kiasi hicho, na katika siku 10 hizo angelazimika kukopa au kuchota mtaji. Njia iliyo salama ni kuzipanga namba zote 24 kuanzia ndogo hadi kubwa, kisha kuhesabu kutoka chini hadi ya sita, yaani robo ya siku zote. Kwa mama huyu namba ya sita ni 7,000. Hiyo ndiyo aichukue kuwa kipato chake cha kila siku. Siku 19 kati ya 24 ataifikia au kuivuka.

Sasa mgawanyo unaanza, na unafuata foleni. Asilimia hazimo. Kila kitu kinasimama kwenye zamu yake kwa shilingi kamili, na cha nyuma hakiguswi mpaka cha mbele kimelipwa.

Mbele kabisa iko kodi ya chumba, kwa sababu ndilo deni kubwa lenye tarehe na ndilo linalomtoa mtu nje. Chumba cha shilingi 50,000 kinacholipwa kwa miezi sita kinadai 300,000. Miezi sita ina wiki 26, na kwa siku sita za kazi kila wiki ni siku 156. Gawanya, unapata 1,923; iwe 2,000. Kwa mwaka mzima, kila siku ya kazi ina tozo ya 2,000 ambayo ni ya mwenye nyumba. Watu wengi hawajawahi kuiona kodi yao kwa sura hiyo, na ukiwaonyesha wanashangaa, kwa sababu laki tatu inatisha lakini elfu mbili ni bei ya soksi jozi mbili.

Baada ya kodi inafuata nauli, 1,200, kwa kuwa bila hiyo kesho hakuna kazi. Kisha 500 ya dharura. Baada ya hapo zinabaki 3,300 za chakula cha siku nzima cha mama na watoto wawili, mkaa ukiwa humo humo. Ni ugali, dagaa na mchicha, na mama anabeba chakula cha mchana kutoka nyumbani badala ya kununua. Hakuna haja ya kulipamba. Ni kiasi kidogo, lakini ni kiasi anachoweza kukitegemea siku 19 kati ya 24, na hilo wastani hauwezi kumhakikishia.

Ziada ya siku njema nayo ina foleni yake. Zile siku alizouza dazani tatu na zaidi zilimletea jumla ya shilingi 100,000 juu ya kile kiwango cha 7,000. Siku tano mbovu zilipungua kwa jumla ya 28,000. Kwa hiyo ziada ya kwanza inakwenda kwenye mfuko wa siku mbovu mpaka ufike 28,000, na ukifika inasimama hapo. Mvua ikinyesha anachota, jua likiwaka anajaza tena. Inayofuata ni chakula cha Jumapili nne ambazo haingii kazini, 13,200. Zinabaki 58,800 za umeme wa LUKU, maji, sabuni, madaftari na sare za shule, michango ya misiba na harusi, na chochote kinachoweza kusalia.

Tazama kilichotokea. Wiki nne hizo ametenga 48,000 za kodi, 12,000 za dharura na 28,000 za siku mbovu. Ni shilingi 88,000, zaidi ya theluthi moja ya kipato chake, na kitabu cha Warren kingeziweka zile za kodi nje ya fungu la akiba, kwa kuwa ni za mahitaji ya lazima. Ndiyo aina ya akiba ambayo kipato cha siku kinaihitaji kwanza: akiba ya karibu, yenye jina na tarehe. Akiba ya uzeeni inakuja baadaye, na asiyeweza kuianza mwaka huu hajatenda kosa.

Inabaki swali la pa kuweka, na hapa wanawake wa Kariakoo wana jibu la muda mrefu. Tozo ya kodi ya 2,000 kwa siku sita ni 12,000 kwa wiki. Mchezo wa watu 25 wanaotoa 12,000 kila wiki unatoa mkono wa shilingi 300,000, na unazunguka kwa wiki 25, ndani tu ya miezi sita. Mwanachama anayejua tarehe ya kodi yake anaomba zamu iliyo wiki moja au mbili kabla yake. Mchezo wa namna hiyo unafanya kazi mbili ambazo kibubu hakiwezi: unamlazimisha mtu kutoa hata siku asiyojisikia, na unaiweka fedha mbali na mkono wake.

Hatari yake inajulikana. Waliopokea mwanzoni huweza kuacha kutoa. Watu 25 ni wengi, kwa hiyo kila mmoja awe anajulikana anapouzia na anapolala. Dalili za mchezo unaokufa huonekana mapema: kijumbe anashika mikono mitatu au minne peke yake, mkono unatolewa pungufu kwa ahadi ya kumalizia kesho, zamu zinabadilishwa bila kikao. Ukiona moja tu ya hayo, usianze mzunguko mwingine. Kwa wasiotaka fedha ishikwe na mtu mmoja, vipo vikundi vya simu kama M-Koba, huduma iliyoanzishwa mwaka 2019 na Vodacom pamoja na benki ya TPB, sasa TCB, ambako fedha ya kikundi hukaa kwenye akaunti ya pamoja na wanachama huidhinisha inapotoka.

Mfuko wa siku mbovu usiwekwe kwenye mchezo. Huo unahitajika saa yoyote, kwa hiyo uwe kwenye simu, na ikiwezekana laini tofauti na ile ambayo wateja wanalipia. Aliyechanganya mauzo, kodi na dharura kwenye salio moja la simu amerudi kulekule kwenye aproni.

Mpango huu nao unaharibika, na kuharibika kwake kuna dalili. Ya kwanza ni kiroba. Kama mwanzo wa mwezi kilikuwa na dazani kumi na mwisho wa mwezi kina saba, na madeni ya wateja hayapo, basi mtaji umeliwa dazani tatu, hata kama daftari linasema faida. Kuhesabu mzigo wote mara moja kwa mwezi, Jumapili, kunachukua chini ya saa moja. Dalili ya pili ni mali kauli. Kuchukua mzigo kwa mwenye duka na kulipa ukishauza ni jambo la kawaida Kariakoo na lina faida zake kwa asiye na mtaji. Lakini mchuuzi anayelipa mali kauli ya jana kwa fedha ya mali kauli ya leo ameshakula faida yake na ya kesho. Akijikuta hapo, achukue mzigo mdogo kuliko aliozoea mpaka deni life, na ampe mwenye duka taarifa mapema. Mwenye duka anayeambiwa "Kaka, leo nina nusu, nyingine Ijumaa" humvumilia mtu kuliko anayeona amebadilisha njia asipite mbele ya duka lake.

Dalili ya tatu ni rejesho. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 kuliwekwa kikomo cha riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi kwa taasisi za mikopo zisizopokea amana. Mikopo ya mitaani inayoitwa kausha damu haijali kikomo hicho. Mama wetu akipewa 100,000 na kutakiwa kurudisha 130,000 ndani ya siku 30, kwa siku zake 24 za kazi hilo ni rejesho la karibu 5,400 kila siku. Kiwango chake cha kuishi ni 7,000. Baada ya rejesho na nauli zinabaki shilingi 400. Hesabu hiyo afanye kabla hajaweka sahihi: deni lote ligawiwe kwa siku za kazi, kisha lilinganishwe na namba ya sita kwenye daftari. Rejesho la siku likizidi tozo ya kodi, yaani 2,000, litalipwa kwa mtaji.

Upo pia mpaka ambao bajeti haivuki. Moto ulioteketeza Soko Kuu la Kariakoo tarehe 10 Julai 2021, lile jengo la Beda Amuli lililofunguliwa mwaka 1975, uliondoka na mitaji ya watu kwa usiku mmoja. Mfuko wa 28,000 haukujengwa kwa moto wa namna hiyo, wala kwa siku ambayo askari wa jiji wanabeba kiroba chote. Kinga ya hapo ni kutolaza mzigo wote stoo moja, na kikundi chenye mfuko wa jamii.

Na yupo yule muuza duka wa shilingi 150,000. Nauli na sahani ya mchana vilimpeleka 83,200. Akibeba chakula kutoka nyumbani ataokoa sehemu ya 52,000, labda nusu. Akitoa kodi ya chumba ya 50,000 na nauli, anabaki na 68,800 za kula mwezi mzima, chini ya 2,300 kwa siku, na hapo hajawa na mtoto. Foleni itamwonyesha tu ni kitu gani kinakosa zamu kila mwezi. Kwake fedha haitoshi, na kinachobaki ni kushiriki chumba na mwenzake, kutafuta kazi ya ziada, au kudai mshahara. Viwango vya kima cha chini vilipandishwa tena kuanzia Januari 2026, na kila mfanyakazi wa duka anayo haki ya kumuuliza mwajiri wake kama kiwango kipya kimefika kwenye bahasha yake.

Msomaji anayeuza kwa siku aanze jioni ya leo. Andika tarehe, ondoa hela ya mzigo, ondoa stoo, weka namba inayobaki. Usibadilishe matumizi yoyote kwa wiki nne za kwanza, kwa sababu unahitaji namba za kweli. Siku ya 24 zipange kuanzia ndogo, hesabu hadi ya sita, kisha uigawe kodi yako kwa siku za kazi na uone inabaki shilingi ngapi.